Bluu ya tripani na kuhesabu seli: maswali ambayo wanafunzi wananiuliza kila wiki

Niko Bukavu, kazi yangu ni kulisha seli mu labo na kufundisha wanafunzi wa mazoezi namna ya kuzihesabu na bluu ya tripani, ile rangi yenye inatutenganishia seli hai na seli mafu. Seli zetu ni Vero, zile za figo ya tumbili ambazo zilianza kufugwa Japani mu 1962, na tunazipenda juu zinavumilia. Maswali haya ninayajibu kila mara mupya, mara kwenye simu, mara mu koridoo, mara mutu eko tayari mbele ya mikroskopu anangojea jibu, kwa hiyo nimeyaandika yote pamoja fasi moja.

Yaya, hii bluu inajuaje kwamba seli imekufa?

Haijui kitu. Inaingia tu fasi yenye inaona mulango wazi.

Bluu ya tripani ni molekuli kubwa na iko na chaji hasi nne. Seli hai imezungukwa na utando wa mafuta, na ule utando kitu kikubwa chenye chaji haukiruhusu kupita hivi hivi. Kwa hiyo ukitia bluu kando ya seli hai, inabakia inje, na seli unaiona nyeupe, inangaa, kama tone la mafuta kwenye maji. Seli yenye utando umetoboka haina tena kizuizi, bluu inaingia, inashikana na protini za ndani, na seli yote inakuwa ya bluu. Njo ile tu. Unapoona seli ya bluu, kitu ulichoona kwa kweli ni shimo mu utando, kwa ile dakika ulioangalia. Ninaomba uikamate hii vizuri, juu karibu makosa yote ninayoyaona kwa wanafunzi yanatoka hapa.

Juu ya nini inaitwa tripani?

Juu ya tripanosoma, vile vidudu vya malale, ugonjwa wenye sisi Wakongo tunaujua tangu babu zetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 watu walikuwa wanatafuta rangi zenye zinaweza kuua vile vidudu mu damu, na hii ilikuwa moja yao. Kazi ya kuhesabu seli ilikuja nyuma.

Ninachanganya kiasi gani, na ninangoja dakika ngapi?

Chupa zenye tunanunua ni za 0.4%. Chukua mikrolita 20 ya seli, tia mikrolita 20 ya bluu, sawa kwa sawa, changanya na pipeti polepole mara tano au sita hivi. Mbele ya kuchota zile 20, tikisa kwanza tibu ya seli, juu seli zinashuka chini haraka kuliko unavyozania, mutu anaweka tibu kwenye meza, anajibu simu, anarudia anachota juu juu, na anahesabu maji matupu.

Kisha ngoja dakika moja ao mbili, tia mikrolita 10 mu kioo cha Neubauer, kile cha kuhesabia seli chenye miraba, na umalize kuhesabu mbele ya dakika tano. Hapa wanafunzi wananiangalia kama vile ninawasumbua bure, lakini bluu yenyewe iko na sumu kidogo kwa seli. Seli ikikaa ndani yake muda murefu inachoka, utando unaanza kupitisha, na seli yenye ilikuwa hai inakuwa ya bluu mbele ya macho yako. Mwaka mumoja kura ilikatika tukiwa tumeshajaza kioo, tukangojea jenereta iwake, ilichukua karibu nusu saa. Ile tibu tulikuwa tumeihesabu mara ya kwanza 93% hai. Tuliporudia kwenye kile kioo kilichongoja, 71%. Tukachanganya mupya kutoka ile tibu ya seli yenyewe, tukahesabu mbio, 92%. Seli hazikuwa na shida yoyote, ni sisi tulizichelewesha mu bluu. Kwa hiyo kura ikikatika, mwaga ile muchanganyo na uanze upya. Na usichanganye tibu sita kwa mara moja ili "uokoe wakati", juu ile ya sita itakuwa imengoja robo saa na utaandika kwenye kayee kwamba dawa ya tibu ya sita inaua seli.

Nilitengeneza bluu mwenyewe na unga, seli zote zikawa za bluu. Unga umeharibika?

Niambie kwanza unga uliuyeyusha ndani ya nini. Kila mara yenye nimeuliza hivi, jibu lilikuwa: maji distile.

Maji matupu hayana chumvi, na seli iko na chumvi ndani. Ukichanganya sawa kwa sawa, chumvi ya inje inapungua kwa nusu, maji yanakimbilia ndani ya seli, seli inavimba, ingine inapasuka, ingine utando unaachia. Sasa bluu inaingia, na kusema kweli haikudanganyi, ile seli imetoboka kweli, lakini ni wewe umeitoboa.

Tumia gramu 0.4 ya unga kwa mililita 100 ya PBS, yale maji ya chumvi yenye bafa, ao ya maji ya chumvi ya 0.9%, yale ya kutundika mgonjwa yanafaa kabisa. Kisha chuja na filtre ya mikromita 0.2. Kuchuja ni lazima, na si mara moja tu, hata chupa ya kununua ikikaa miezi inatengeneza vipunje vya bluu vyenye mutu mwenye macho ya haraka anavihesabu kama seli mafu. Vipunje viko na kona kona, havina umbo la mviringo, na viko vya ukubwa mbalimbali. Seli mafu iko mviringo, imevimba kidogo, na rangi yake imetanda sawa. Kiangazi, mwezi wa saba na wa munane, vumbi ya barabara inaongezeka pia mu kila kitu, kwa hiyo kioo unakipanguza na alkoli ya 70% hata kama jana ulikipanguza.

Namna gani nitajua kama bluu yangu inafanya kazi?

Ua seli kwa makusudi. Tia seli kidogo mu maji ya moto ya digri 65 kwa dakika kumi, kisha zipakaze bluu kama kawaida. Zote zinapaswa kuwa za bluu. Kama nyingi zinabaki nyeupe, bluu yako imechoka ao umeipunguza sana. Tunaifanya kila tunapofungua chupa mupya, inachukua robo saa na inamaliza mabishano.

Kuna zile zenye rangi kidogo tu, si nyeupe si bluu. Naziweka upande gani?

Hili ndilo swali lenye ninalipenda kupita yote, juu mutu anayeuliza hivi anaangalia kweli.

Mbele ya kuamua, zungusha kifungo cha fokasi kidogo, juu na chini. Seli hai inabadilika: katikati inangaa, kisha inakuwa nyeusi, kisha inangaa tena, na pembeni inaweza kuonyesha duara ya bluu-bluu, ile ni mwangaza tu wa maji ya bluu yenye iko kando kando yake. Seli mafu haichezi hivyo, rangi iko ndani, inabaki hata ukizungusha, na haina ule mngao. Angalia pia diafragma ya chini ya meza ya mikroskopu, ukiifunga sana kila seli inapata kivuli na utaziona zote kama zinakufa. Ifungue kiasi mpaka seli hai zingae.

Zenye zinabaki na bluu nyepesi ndani hata baada ya kuzungusha, mimi ninazihesabu mafu, utando wao umeanza kupitisha. Wengine wanafanya kinyume. Jambo la maana ni kwamba mu labo yenu wote mufanye sawa, na kwamba muiandike ukurasa wa kwanza wa kayee, juu kama leo unahesabu wewe na kesho anahesabu mwenzako mwenye sheria ingine, ile tofauti mutaiita "matokeo".

Kama mandharinyuma yote ni bluu nzito na huoni vizuri, shida ni seromu. Protini za seromu zinashika bluu kabla seli hazijaipata. Zungusha seli mu santrifijezi, mwaga yale maji ya chakula chao, tia PBS, kisha hesabu.

Hesabu yenyewe nafanya namna gani?

Kioo cha Neubauer kiko na miraba mikubwa, kila mumoja milimita 1 kwa 1, na kina cha milimita 0.1 chini ya lamela, kile kioo kidogo cha kufunikia. Kwa hiyo juu ya kila mraba mukubwa kuna mikrolita 0.1 ya maji, njo ile sehemu ya elfu kumi ya mililita. Unahesabu mine ya kona, unatafuta wastani, unazidisha mara mbili juu ulichanganya na bluu sawa kwa sawa, unazidisha mara elfu kumi.

```
hai/ml = (jumla ya hai / 4) x 2 x 10000
% hai  = hai / (hai + mafu) x 100
```

Zenye zimekaa juu ya mstari: hesabu za mstari wa juu na wa kushoto, acha za chini na za kulia. Lamela iwe ile nzito yenye ilikuja na kioo. Ile nyembamba ya kawaida inapinda, kina kinabadilika, na hesabu yako inakwenda nayo. Na usijaze mpaka maji yamwagike mu mifereji, juu lamela inainuka na unahesabu seli nyingi kuliko zilizoko.

Mimi nimepata 88%, mwenzangu 91%, tibu moja. Nani amekosea?

Hakuna. Muliangalia seli ngapi? Ukihesabu seli 138 na 88% ziko hai, bahati peke yake inaweza kukupeleka popote kati ya 83 na 94 hivi. Ukihesabu 25 tu, seli moja ya bluu inabeba alama nne nzima. Kwa hiyo 88 na 91 kwangu ni namba moja. Ninataka mutu ahesabu angalau mia moja, na akipata chini ya hapo ahesabu miraba mingi zaidi ao akusanye seli zake mu maji kidogo.

Nilipata 88% hai baada ya kuyeyusha seli zilizogandishwa, nikafurahi, kesho yake asubuhi nusu zinaelea. Bluu ilinidanganya?

Hapa nitakaa kidogo, juu hili limeniumiza mimi mwenyewe, na limemuumiza dada mumoja mwanafunzi wetu ambaye alikuwa na ampuli tatu tu za kumaliza nazo memwari yake.

Ampuli yake ilikuwa imegandishwa na seli hai milioni 2, iliandikwa mu kayee siku ya kugandisha. Aliiyeyusha mu maji ya digri 37, akazimwaga polepole mu mililita 10 ya chakula ili kupunguza DMSO, ile dawa yenye inalinda seli wakati wa kugandisha, akazungusha, akamwaga, akaweka mililita 2 ya chakula kipya. Akachanganya na bluu sawa kwa sawa. Mu kona nne alihesabu hai 31, 27, 35, 29, jumla 122. Mafu 4, 3, 5, 4, jumla 16. Hiyo ni 122 juu ya 138, yaani 88%. Kwa ampuli iliyotoka kwenye azoti ya maji ile ni namba nzuri, alinionyesha na furaha.

Nikamuuliza: hai ngapi kwa jumla? Akafanya: 122 kugawa na 4 ni 30.5, mara mbili, mara elfu kumi, ni 610 000 kwa mililita. Mililita ziko mbili, kwa hiyo hai 1 220 000. Mafu kwa njia hiyo hiyo ni 160 000. Jumlisha, 1 380 000. Na mu ampuli kulikuwa milioni 2. Zingine 620 000 ziko wapi?

Ziko popote ila kwenye kioo. Zingine zilipasuka kabisa wakati wa kuyeyuka, zikawa vipande na nyuzi nyuzi zenye huwezi kuhesabu. Zingine zilimwagika na maji ya juu baada ya kuzungusha, zingine zilibaki kwenye kuta za tibu. Ile asilimia ya hai inaangalia tu seli zenye bado ziko na umbo la seli. Seli iliyopasuka ikapotea haihesabiwi kati ya mafu, inatoka mu hesabu yote, na asilimia inabaki nzuri. Ukitaka kujua umeokoa ngapi, gawanya hai na zile ulizogandisha: 1 220 000 kwa milioni 2 ni 61%. Hii namba ya pili ninaiomba kila mara sasa, na ninaiandika kando ya ile ya kwanza.

Kesho yake, saa karibu ishirini na nne baadaye, alimwaga zile zenye zinaelea, akazibandua zilizoshika na tripsini, ile enzimi yenye inaachisha seli kwenye flasiki, akaziweka mu mililita 2, akahesabu tena. Kona nne: 19, 22, 16, 21, jumla 78. Ni 390 000 kwa mililita, 780 000 zote. Kutoka 1 220 000 zenye bluu ilisema hai jana, 780 000 tu zilishika flasiki, kama 64%. Ukirudia mpaka mwanzo, mu milioni 2 amebaki na 39%.

Zile 440 000 za mwisho ndizo zilimuumiza, juu jana zilikuwa nyeupe zinangaa. Kumbe baridi na kuyeyuka vinaumiza seli mu njia yenye inachukua masaa kuonekana. Seli inaumia ndani, inaanza kujimaliza yenyewe pole pole, na wakati wote huo utando wake bado muzima. Bluu haiwezi kuingia, na wewe unaandika "hai". Utando unaachia masaa sita, masaa kumi na mbili, hata siku nzima baadaye. Mambo ni yale yale ukiwa unajaribu dawa ao majani ya dawa ya mama wa Kadutu juu ya seli: ukihesabu baada ya saa moja, bluu inaweza kukuambia haziumwi, na kesho zimekwisha.

Kwa hiyo bluu haikumdanganya, ilijibu swali lingine. Alichofanya na ampuli ya pili: tibu ilitoka kwenye baridi ikaenda moja kwa moja mu maji ya moto na ikatoka wakati bado kulikuwa kipande kidogo cha barafu, akatia chakula tone kwa tone, akazungusha kwa nguvu kidogo kuliko mara ya kwanza, na akapanda seli zote mu flasiki ndogo badala ya ile kubwa ili zisiwe peke peke. Mara ile alipata hai milioni 1.5, na kesho yake zilizoshika zilikuwa milioni 1.2. Asilimia ya bluu siku ya kwanza? 90. Karibu sawa na ile ya mwanzo.

Sasa nikihesabu baada ya kuyeyusha, inafaa kitu gani?

Inafaa kukuambia kama ampuli imekufa kabisa, juu ukiona 30% usipoteze chakula. Inafaa kukuambia utapanda ngapi leo. Kwa kujua kama seli zimepona, hesabu tena kesho, zile zilizoshika.

Na seli zenye nimebandua na tripsini?

Ukiiacha tripsini muda murefu inatafuna utando na bluu inaingia. Angalia kwenye mikroskopu, seli zikishakuwa mviringo na zinateleza, tia chakula chenye seromu kiizuie. Kama asilimia inashuka kila ukibandua wewe na inapanda kila akibandua mwingine, tafuta shida kwenye saa yako. Na kama ziko mafungu mafungu, usijaribu kukisia ziko ngapi ndani ya fungu, rudia kuzivunja na pipeti polepole, kisha uchanganye upya.

Ni lazima glovu? Na maji yaliyobaki ninamwaga wapi?

Glovu ni lazima. Hii rangi imewekwa mu orodha ya vitu vyenye vinaweza kuleta kansa, na kwa wanyama wenye mimba imeharibu watoto tumboni. Mama mwenye mimba kwetu hagusi unga, na mutu anayepima unga anavaa kinga ya mdomo juu unaruka.

Usimwage mu lavabo. Mabomba yetu mengi yanashuka kwenye ziwa, na watu wanachota maji kule. Tuko na bidoni moja yenye kifuniko, imeandikwa, tunakusanya humo bluu na maji ya kusafishia kioo, ikijaa inaenda kuunguzwa na takataka za labo. Kioo chenyewe: maji, kisha alkoli ya 70%, kitambaa laini, na lamela hivyo hivyo. Javeli usiiache juu ya kioo, inakula mistari, na kioo kipya kwetu kinangojewa miezi.